Namba 4 ya Köln: lakteti ya damu, mkimbiaji, na suala la pesa

Tuseme umeamua kulipia. Umepanda kwenye mashine ya kukimbilia ndani ya chumba chenye kiyoyozi, na dada mwenye glavu amekutoboa kidogo kwenye ncha ya sikio. Kila baada ya dakika chache mashine inasimama, anafuta jasho, anakamua tone la damu, analigusisha kwenye kijiti kama kile cha kupimia sukari, kifaa kinasubiri kidogo, kinatoa namba. Halafu mashine inaongezwa kasi na unaendelea. Mwisho unapewa karatasi yenye mchoro unaolala mwanzoni kisha unapanda ghafla, na mtu amepitisha mstari wa bapa kwenye namba 4. Unaambiwa, "Mstari unapokata mchoro, hapo ndipo kizingiti chako. Ukizidi hapo, asidi inajaa kwenye misuli." Unalipa, unaondoka.

Sasa hebu tuulize swali ambalo kwa kawaida haliulizwi mle chumbani: hiyo 4 imetoka wapi? Kwa nini isiwe 3, au 5 na nusu? Ukijua historia ya hiyo namba utajua pia ni kitu gani ulichonunua, na kitu gani ulidhani umenunua kumbe hakikuwemo kwenye bei.

Jina lenyewe lilitoka kwenye maziwa. Mwaka 1780 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alitenga asidi kutoka kwenye maziwa yaliyochacha, kile tunachokiita mtindi, na ndiyo maana ikaitwa asidi ya maziwa. Miaka kama thelathini hivi baadaye Msweden mwingine, Jöns Jacob Berzelius, akaikuta kwenye nyama ya wanyama waliowindwa. Wanyama waliokimbizwa hadi kuchoka, asidi kwenye misuli: wazo kwamba uchovu ni asidi lilianza mapema sana, na ni wazo linaloingia akilini kirahisi mno. Ugumu ulikuwa kulithibitisha.

Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu kilichowasumbua watu wa wakati ule ndicho kinachowasumbua wapimaji hadi leo. Watafiti wa karne ya 19 walikuwa wanachukua msuli wa chura uliopumzika na mwingine uliochoshwa kwa umeme, wanaukatakata, wanapima asidi. Majibu yalikuwa vurugu tupu; wengine walikuta tofauti ndogo, wengine hawakukuta kitu. Mwaka 1907 Walter Fletcher na Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge waligundua kasoro iko wapi. Kitendo chenyewe cha kuukatakata msuli kilikuwa kinauchokoza utoe lakteti. Yaani ule msuli "uliopumzika" ulikuwa unachoshwa na kisu cha mpimaji. Wao wakautumbukiza msuli kwenye alkoholi ya baridi ya barafu na kuusaga humo humo, ili kila kitu kisimame papo hapo. Sasa picha ikawa wazi: msuli uliopumzika una lakteti kidogo, uliochoshwa una nyingi, na ukiuacha uliochoka kwenye oksijeni, lakteti inapungua.

Jaribio lilikuwa zuri, ila tafsiri iliyofuata ikaenda mbali kuliko ushahidi. Archibald Hill wa Uingereza na Otto Meyerhof wa Ujerumani, waliogawana Tuzo ya Nobel ya mwaka 1922 kwa kazi yao juu ya msuli, walijenga nadharia nzima juu yake. Hill alikuwa mkimbiaji mwenyewe, na alifanya majaribio akikimbia huku amebeba mgongoni mfuko wa kukusanyia hewa anayoitoa. Kwa maelezo yake, oksijeni ikipungua msuli unatengeneza asidi ya laktiki, asidi ndiyo inayousukuma msuli kukunjana, na baada ya mbio mwili unalipa "deni la oksijeni" kwa kuiondoa. Ilipendeza. Lakini mwaka 1930 Einar Lundsgaard wa Denmark akautilia msuli sumu inayozuia kabisa utengenezaji wa lakteti, na msuli ukaendelea kukunjana kama kawaida, kwa muda. Basi, lakteti haikuwa injini. Cha ajabu ni kwamba nusu ya pili ya hadithi, kwamba lakteti ni takataka inayotokea oksijeni inapokosekana, ilibaki. Imebaki hadi leo kwenye vinywa vya makocha, na kwenye ile sentensi uliyoambiwa baada ya kulipa.

Kilichoivunja ni kazi ya George Brooks wa Berkeley, California, katikati ya miaka ya 1980. Kwa kutumia molekuli zilizowekewa alama ili ziweze kufuatiliwa mwilini, alionyesha kwamba lakteti inatengenezwa muda wote, hata ukiwa umekaa kwenye kiti na oksijeni tele, na inatumika muda wote vilevile. Nyuzi za msuli zinazofanya kazi kwa kasi zinaitoa, nyuzi za taratibu za jirani zinaichukua na kuichoma kama mafuta, moyo unaichoma, ini linaigeuza kuwa glukosi tena. Hiyo takataka ni chakula kinachosafirishwa. Na kwenye damu yako karibu yote ipo kama lakteti, si kama asidi. (Na yale maumivu ya mapaja siku ya pili baada ya mazoezi magumu? Si yeye. Lakteti inarudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Maumivu ya keshokutwa yana mwenyewe mwingine.)

Fikiria salio la pesa kwenye simu yako. Nikichungulia nikakuta elfu nne, nimejua nini? Inawezekana wiki nzima hukupokea wala kutuma kitu. Inawezekana pia zimepita laki tano kuingia na laki tano kutoka. Namba ya lakteti kwenye damu ni salio. Haikuambii ni kiasi gani kimetengenezwa wala kiasi gani kimetumika. Inakuambia tofauti tu. Likishika mahali na kutulia, maana yake kuingia na kutoka vinalingana. Likianza kupanda bila kusimama, uingizaji umezidi utoaji. Basi, hilo ndilo jambo pekee ambalo kipimo kinaliona moja kwa moja, na kwa mkimbiaji si jambo dogo.

Si dogo kwa sababu ile kasi ambayo juu yake salio halitulii tena inaeleza matokeo ya mbio vizuri ajabu. Mwaka 1979 Peter Farrell na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji 18 wa masafa marefu nchini Marekani. Kasi ambayo lakteti ilianza kulundikana ililingana na matokeo yao ya mashindano kwa karibu sana, kuliko hata kile kipimo maarufu cha uwezo wa juu wa kutumia oksijeni, na kasi yao ya maratoni ilikuwa jirani kabisa na kasi hiyo. Kwa mara ya kwanza tone la damu lilikuwa linaongea lugha ya saa ya mkononi.

Turudi kwenye 4. Huko Köln, Ujerumani Magharibi, kundi la Alois Mader, Heinz Liesen, Wildor Hollmann na wenzao lilikuwa linapima wanamichezo kwa wingi. Kufikia wakati huo damu kidogo tu ya sikio ilitosha kupima lakteti, kwa hiyo mtu mmoja angeweza kupimwa mara nyingi ndani ya zoezi moja. Ila kutafuta kiwango cha juu ambacho lakteti ya mtu bado inatulia ni kazi ndefu: inabidi akimbie karibu nusu saa kwa kasi moja, siku nyingine nusu saa kwa kasi nyingine, mpaka upate kasi ya mwisho inayotulia. Nani ana siku nne au tano kwa kila mwanamichezo? Mwaka 1976 wakapendekeza njia ya mkato: kwenye jaribio la ngazi, chukua kasi inayokutana na milimoli 4 kwa lita. Kwa watu waliowapima, hiyo ilikuwa karibu na ukweli.

Neno muhimu hapo ni "karibu". Mwaka 1985 Hermann Heck na wenzake wa hukohuko Köln walitoa makala ya kuitetea 4. Waliwakimbiza watu kwa kasi isiyobadilika kwa karibu nusu saa, wakatafuta kiwango cha juu kinachotulia kwa kila mmoja. Wastani ukatoka 4, safi kabisa. Lakini ukiangalia mtu mmoja mmoja, viwango vilianzia karibu 3 hadi karibu 5 na nusu. Yaani makala iliyoandikwa kuitetea namba ndiyo hiyohiyo inayokuambia kwamba namba ni ya kundi, si yako wewe. Miaka minne kabla, Stegmann na Kindermann walikuwa tayari wamependekeza kizingiti cha mtu binafsi badala ya namba moja kwa wote. Baada yao kila maabara ikaja na njia yake ya kusoma mchoro uleule, na mapitio ya mwaka 2009 yalihesabu fasili 25 tofauti za kizingiti. Ishirini na tano! Kwa hiyo mtu akikuambia "kizingiti chako ni hiki", una haki ya kumuuliza, kwa fasili ipi?

Hebu tufanye hesabu kwa mfano wako wewe. Hizi ni namba za mfano, nimezipanga mwenyewe, ila zina sura ya kawaida kwa mkimbiaji wa kilabu. Kwenye kilomita 10 kwa saa umepata 1.3. Kwenye 11 umepata 1.2 (usishangae kushuka, mwanzo wa kupasha mwili moto mara nyingi huwa hivyo). Kwenye 12 ni 1.5, kwenye 13 ni 2.1, kwenye 14 ni 3.4, na kwenye 15 ni 6.0, hapo ukaomba poo.

Namba 4 ipo kati ya 14 na 15. Kutoka 3.4 hadi 6.0 ni hatua ya 2.6, na wewe unahitaji 0.6 tu ya hiyo, kwa hiyo kasi ni kilomita 14.2 kwa saa, ambayo ni dakika 4 na sekunde 13 kwa kilomita. Karatasi yako itaandika hivyo kwa herufi nene.

Sasa chukulia kwamba kwa asili yako kiwango cha juu kinachotulia ni 3.2, jambo ambalo lipo ndani ya viwango vya watu wa Heck. Hesabu ileile kati ya 13 na 14 inakupa kilomita 13.8 kwa saa, yaani dakika 4 na sekunde 20 kwa kilomita. Tofauti ni sekunde saba. Unaweza kusema sekunde saba si kitu, lakini zipo upande mbaya wa kizingiti. Ukikimbia nusu saa kwa 4:20 na kupimwa dakika ya 10 na ya 30, utaona mfano 3.3 halafu 3.7: imetulia. Ukikimbia kwa 4:13 utaona 4.1 halafu 6.0: inapanda. Kanuni inayotumika ni kwamba ikipanda zaidi ya milimoli 1 ndani ya zile dakika 20 za mwisho, umevuka. Mkimbiaji aliyepewa 4:13 na kuambiwa afanye "mazoezi ya kizingiti" mara mbili kwa wiki atakuwa anashindana na nafsi yake mara mbili kwa wiki, na baada ya wiki sita atashangaa kwa nini miguu ni mizito.

Kuna jambo jingine ndani ya mfano huu ambalo sijaona likisemwa sana. Kifaa cha mkononi hakina usahihi wa sehemu ya kumi. Kosa la 0.3 au 0.4 ni la kawaida tu. Kosa hilo linaumiza wapi? Weka 3.8 badala ya 3.4 kwenye kilomita 14: kasi ya namba 4 inasogea kutoka 4:13 hadi kama 4:16. Weka 3.0: inakuwa 4:11. Sekunde mbili tatu, kwa sababu mchoro hapo ni mkali kama mlima. Lakini maabara nyingi zinakupa pia "kizingiti cha chini", mara nyingi kwenye namba 2, kwa ajili ya mbio zako rahisi. Kwa namba zako ni 4:41. Badilisha ile 2.1 iwe 1.8, inakuwa 4:34. Iwe 2.4, inakuwa 4:47. Sekunde kumi na tatu zimecheza kwa kosa dogo la kijiti, kwa sababu huko chini mchoro umelala. Kwa hiyo namba ya juu inategemea sana fasili aliyochagua mpimaji, na namba ya chini inategemea sana bahati ya tone moja. Kwa mbio zako rahisi, uwezo wa kuongea sentensi nzima bila kuhema ni kipimo cha heshima kabisa, na hakina gharama.

Makosa ya mkono nayo yapo, na hapa ndipo Fletcher na Hopkins wanaturudia. Jasho lina lakteti nyingi kuliko damu yako ya mazoezi mepesi. Tone la damu likichanganyika na jasho kidogo tu, namba inaruka. Mpimaji mzuri anafuta sikio au kidole kwa spiriti, anasubiri pakauke, anatupa tone la kwanza na kupima la pili, wala hakamui kwa nguvu. Utajua tone limeharibika ukiona namba imepanda kwenye ngazi moja halafu ikashuka kwenye ngazi ngumu zaidi. Hiyo ya kwanza ipimwe tena au ifutwe, isiunganishwe kwenye mchoro kama vile haikutokea kitu. Uliza pia kila ngazi ilikuwa dakika ngapi. Damu inachelewa nyuma ya msuli. Ngazi ya dakika tatu haitoi muda wa kutosha kwa lakteti kufika na kutulia, kwa hiyo kasi yako itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Dakika tano ni afadhali. Na kamwe usilinganishe karatasi ya dakika tatu na ya dakika tano, hata kama jina juu ni lako zote mbili. La mwisho kuhusu damu: kisindano kipya kwa kila mtu, mbele ya macho yako. Hapo hakuna mjadala.

Sasa yale ambayo kipimo hakiyaoni kabisa. La kwanza ndilo la hatari zaidi, kwa sababu linajificha kwa sura ya habari njema. Lakteti inatengenezwa kutokana na wanga, hasa ule uliowekwa akiba kwenye misuli, glaikojeni. Ukienda kupimwa asubuhi baada ya mbio ndefu ya jana, umekula kidogo, akiba ipo chini. Lakteti itakuwa chini kwenye kila ngazi. Mchoro wote utasogea kulia, na karatasi itasema umeimarika! Kumbe umechoka tu. Kocha anakuongezea kasi, na wewe unazama. Namna ya kutambua ni kuangalia vitu viwili vilivyoandikwa pembeni ya lakteti: kama mapigo ya moyo na ugumu unaouhisi kwenye kila ngazi havijashuka lakini lakteti imeshuka, na ile namba ya mwisho kabisa ulipoishiwa nguvu nayo ni ndogo kuliko ya mara iliyopita, shuku njaa kabla ya kushangilia. Ndiyo maana siku mbili kabla ya kipimo unatakiwa kula kama kawaida na kukimbia kidogo, na kahawa yako iwe ileile ya kila mara au isiwepo.

La pili ni kwamba umepimwa ukiwa mbichi. Kizingiti chako baada ya saa mbili za maratoni, kwenye joto la Dar es Salaam mwezi Februari, si kile cha chumba chenye kiyoyozi. Wawili wenye mchoro unaofanana kabisa wanaweza kuachana vibaya kilomita ya 35, na hakuna tone la sikio lililoweza kulitabiri hilo.

La tatu ni lile la salio. Mwaka 1990 Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Sweden, na wenzake walikwenda Kenya kuwalinganisha wakimbiaji wa Kikenya na wa Skandinavia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Moja ya waliyoyakuta ni kwamba damu ya Wakenya ilikuwa na lakteti kidogo zaidi wakati wa kukimbia. Habari hiyo ilisafiri sana. Lakini kidogo kwa sababu gani? Inaweza kuwa wanatengeneza kidogo, au wanachoma haraka, au kila hatua yao inawagharimu nguvu kidogo kiasi kwamba kasi hiyohiyo kwao ni kazi nyepesi. Namba ya damu peke yake haiwezi kutenganisha hayo. Na wale wakimbiaji wenyewe walikuwa wamefika pale bila mtu kuwatoboa sikio. Walikuwa na wenzao wa mazoezi, na mwenzako ukimwacha au akikuacha, ni kipimo pia.

Mtu aliyeunganisha hizo dunia mbili kwa namna ya kuvutia ni Marius Bakken, Mnorwei aliyekimbia mita 5000 kwa dakika 13 na sekunde 6 mwaka 2004, na aliyekuwa akifanya mazoezi Kenya. Bakken alijipima maelfu ya mara. Ila angalia alivyokitumia kifaa. Hakukitumia kama mtihani wa mara moja kwa mwaka wa kumpa cheti. Alikitumia kama breki. Kati ya vipande vya mazoezi anasimama, anapima, na kama namba imepita pale anapotaka, anapunguza kasi hata kama mwili unasema unaweza. Faida ilikuwa kwamba aliweza kufanya mazoezi ya aina hiyo mara mbili kwa siku moja bila kujimaliza, namba zikikaa chini ya ile 4 maarufu. Mtindo huo ndio uliokuja kujulikana kupitia akina Ingebrigtsen, na Jakob alipomshinda Timothy Cheruiyot kwenye fainali ya mita 1500 ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kila mtu akataka kifaa cha lakteti. Wengi walinunua kifaa na kusahau breki.

Haya, pesa. Kipimo cha maabara Ulaya au Marekani mara nyingi kinacheza kati ya dola 100 na 250. Kifaa cha mkononi ni dola mia tatu na kuendelea, na kila kijiti dola mbili hadi nne. Jaribio lako la ngazi sita, ukiweka na vijiti vitakavyoharibika, ni vijiti kama kumi. Vijiti vina tarehe ya mwisho na havipendi joto, kwa hiyo ukinunua boksi kubwa peke yako ujue mengine utayatupa.

Msimamo wangu ni huu. Kama unakimbia mara tatu nne kwa wiki na unataka kujua kasi yako ya kizingiti, usilipe. Mkimbiaji wa mfano wetu tuseme alimaliza kilomita 10 kwa dakika 42, yaani 4:12 kwa kilomita. Kizingiti kwa kawaida kipo karibu na kasi ambayo ungeweza kushindana nayo kwa kama saa nzima, na hiyo ni polepole kidogo kuliko ya kilomita 10: weka 4:17 hadi 4:20. Angalia, jibu hilo ni zuri kuliko la ile karatasi iliyosema 4:13, na limepatikana kwa ada ya mashindano tu. Huna mashindano karibu? Kimbia nusu saa peke yako kwa nguvu zote ulizonazo, kwa mwendo usiobadilika, na uandike wastani wa mapigo ya moyo ya dakika 20 za mwisho. Mapigo hayo yatakuwa jirani ya kizingiti, na wiki inayofuata utaweza kuyatumia hata kwenye mlima ambako kasi haina maana.

Kulipa kunaanza kuwa na mantiki pale swali lako linapokuwa la kulinganisha: umekaa kwenye mpango mmoja wiki kumi, unataka kujua kama mchoro umesogea, na utapimwa sehemu ileile, mashine ileile, ngazi za muda uleule, umekula vilevile. Kipimo kimoja peke yake ni picha isiyo na mwenzake. Na kuna aina ya mkimbiaji ambaye mimi ningemwambia alipie hata kama anajua kasi yake: yule ambaye kila zoezi "la wastani" linageuka kuwa mashindano. Huyo haamini mapafu yake wala kocha wake, lakini namba 5.8 kwenye kioo katikati ya zoezi lililotakiwa kuwa 3 huwa anaiamini. Kwa watu kama hao ni bora kilabu kichange, kinunue kifaa kimoja, kocha akishike, kila mtu ajinunulie vijiti na visindano vyake.

Ukiamua kwenda maabara, kabla hujatoa pesa waombe jambo moja: wakupe namba zote za kila ngazi, pamoja na muda wa ngazi na mapigo ya moyo, siyo ile kasi moja ya herufi nene peke yake. Wakisema hawatoi, tafuta wengine. Wakikupa, rudi kesho kutwa ukimbie nusu saa kwa kasi waliyokuandikia. Ukifika dakika ya 20 na bado unapumua kwa mpangilio uleule wa dakika ya 10, wamekupatia. Ukianza kuhesabu nguzo za umeme, punguza sekunde tano kwa kilomita na ujaribu tena wiki ijayo.